Ameusoma, amenyamaza: ujumbe wa pili unaandikwaje

Kati ya majibu yote anayoweza kukupa mtu uliyemtumia bei, linalosumbua kuliko yote ni tiki mbili za bluu na kimya. Akikataa, unamfuta kwenye daftari na kuendelea na wengine. Asipoufungua kabisa, unajipa moyo kwamba yuko safarini au simu imeharibika. Lakini huyu ameufungua, halafu ameweka simu chini. Hapo ndipo watu wazima na akili zao wanapoanza kuandika mambo ya ajabu.

Kazi yangu ni kupaka rangi majengo, nyumba na ofisi, na siku hizi nusu ya kazi hiyo inafanyikia kwenye simu. Mtu anauliza, unakwenda kupima kuta, unamtumia kotesheni WhatsApp, kisha unasubiri. Kotesheni kila fundi anajua kuiandika. Ujumbe unaofuata baada ya kimya ndio unaowashinda wengi, na mara nyingi kazi hupatikana au hupotea hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo tiki, maana watu huzisomea mambo ambayo hazisemi. Zikigeuka bluu, maana yake ni kwamba mazungumzo yenu yamefunguliwa kwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na namba ile. Basi. Hazisemi kwamba amesoma hadi mwisho, wala kwamba amelifungua lile faili la PDF ulilolitengeneza usiku kucha. Namba ya ofisi inaweza kuwa imeunganishwa na vifaa hadi vinne zaidi ya simu yenyewe, kwa hiyo aliyeufungua huenda ni katibu muhtasi ambaye kotesheni yako haimhusu ndewe wala sikio. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: mtu aliyezima taarifa za kusoma atakuonyesha tiki za kijivu milele hata kama ameurudia ujumbe wako mara kumi, na anayesoma kwa kuchungulia juu ya skrini bila kufungua mazungumzo naye haachi alama.

Kitu kimoja hapo kina faida. Ukiushikilia ujumbe wako na kufungua taarifa zake, utaona saa uliyofika na saa uliyosomwa. Ukiona umesomwa saa 3:40 usiku, jua huyo mtu alikuwa nyumbani, amechoka, anapitisha kidole kwenye simu. Hakuwa na kalamu, hakuwa na bosi wake pembeni, hakuwa na hesabu za ofisi mbele yake. Alisema moyoni "nitamjibu kesho ofisini", na kesho yake ujumbe wako ulikuwa umeshashuka chini ya nyingine thelathini, tena bila ile alama ya kuonyesha kwamba haujasomwa. Kwa simu yake, wewe umeshashughulikiwa.

Kwa wanaotumia barua pepe na vile vipicha vya siri vinavyoripoti kwamba barua imefunguliwa, msivitegemee hata kidogo. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakia picha hizo yenyewe kabla mwenye barua hajaigusa. Unaambiwa imesomwa, kumbe mashine ndiyo iliyosoma.

Sasa nieleze kisa kimoja kwa urefu, maana ndani yake kuna karibu kila kitu. Meneja wa ofisi moja aliomba bei ya kupaka rangi vyumba sita na korido. Tulikwenda, tukapima, na kijana anayenisaidia upande wa wateja akatuma kotesheni jioni ile ile pamoja na maneno haya:

"Habari za jioni mama. Kama tulivyokubaliana nimekutumia kotesheni ya kupaka rangi ofisi. Kuna chaguo tatu, la kawaida, la kati na la daraja la juu. Naomba unijulishe mmependa chaguo lipi, mngependa rangi gani kwa kuta na dari, kazi ianze lini, samani mtazitoa wenyewe au tuzisogeze sisi, na malipo ya awali yatakuwa ya namna gani. Asante na karibu sana."

Ni ujumbe wa adabu, hauna kosa la tahajia, na ukiutazama kwa macho ya muuzaji umekamilika. Utazame kwa macho ya yule mama. Chaguo lipi: hilo ni la bosi. Rangi gani: hapo wenzake wote wana maoni. Malipo ya awali: hilo ni la mhasibu. Lini: inategemea hayo matatu. Swali pekee analoweza kulijibu mwenyewe ni la samani, na nani anaanza kwa kujibu la samani? Kwa hiyo ili ajibu kistaarabu inabidi kwanza afanye vikao vitatu. Akaufunga ujumbe, akanyamaza. Hakuwa na dharau yoyote. Tulimpa kazi tukadhani tumempa bei.

Ndiyo maana mtu akinionyesha mteja aliyemkaushia, jambo la kwanza ninaloomba kuona ni ujumbe wa mwisho alioutuma yeye. Mara nyingi kimya kimeshaandikwa humo. Ama una maswali mengi, ama hauna swali hata moja, umeishia na "karibu sana" ambayo haidai jibu, ama unamtaka mtu aamue jambo ambalo si lake kuamua. Bei ikiwa juu mno nayo huleta kimya, sikatai, lakini si mara nyingi kama mafundi wanavyodhani.

Kijana wangu alisubiri, kisha akaniletea rasimu tatu za ujumbe wa pili. Nazitaja kwa sababu kila mtu ana mojawapo kwenye simu yake.

Ya kwanza ilikuwa neno moja: "Habari." Mpango ulikuwa kwamba mama akishaitikia salamu, ndipo kotesheni iingizwe. Salamu ni lazima, na ujumbe usio na salamu unasikika kama amri. Lakini salamu iliyotumwa peke yake kwa mtu anayedaiwa jibu ni mtego, na yeye anauona. Anajua kinachofuata. Akiitikia "nzuri" amejifungulia mlango asioutaka, kwa hiyo haitikii, na sasa kuna vimya viwili badala ya kimoja. Salamu na shauri viende pamoja, kwenye ujumbe mmoja.

Ya pili ilianza hivi: "Samahani kwa usumbufu mama, naona ulishausoma ujumbe wangu ila hukunijibu." Humo mna makosa mawili yanayovutana. Kwanza unajiita msumbufu, wakati yeye ndiye aliyekuita upime kuta zake. Hujamsumbua mtu, unamalizia kazi aliyoianzisha. Kisha unamwambia umekuwa ukimchungulia. Hakuna anayependa kuambiwa kwamba tiki zake zinahesabiwa. Hata akiwa na nia ya kujibu, sasa itabidi aanze kwa kujitetea, na mtu akifikia hapo, kuendelea kunyamaza ni rahisi zaidi. Taarifa za tiki ni zako mwenyewe, zikusaidie kuchagua saa na maneno. Zisitokeze kamwe kwenye maandishi yako. Vivyo hivyo kwa stetasi: ukiona mteja anatazama stetasi zako, furahi kimyakimya, kwa sababu kwa kawaida huwezi kuonekana kwake kama hakuhifadhi namba yako. Usimwandikie "nimeona umeangalia kazi zetu", na nakuomba usianze kumrushia vijembe humo kuhusu watu wasiojibu. Atavisoma yeye na wateja wako wengine wote.

Ya tatu ndiyo iliyonitia wasiwasi hasa. Ilisema: "Mama, kama bei ni tatizo tunaweza kupunguza." Hakuna aliyesema bei ni tatizo. Ukishusha bei kabla hujaulizwa, umemfundisha kwamba ile ya kwanza ilikuwa imevimbishwa, na kwamba akinyamaza tena itashuka tena. Na kama kilichomzuia ni kitu kingine, umepunguza faida yako bila kuligusa tatizo.

Tulichokaa kufikiri ni hiki: tulipokwenda kupima tuliona nini ambacho hatukumwandikia? Tuliona vyumba vyote sita vina watu, Jumatatu hadi Ijumaa, meza zimebanana, makabati yamejaa mafaili. Mtu anayesimamia ofisi kama ile hafikirii kwanza rangi. Anafikiria atawapeleka wapi watu wake wakati mafundi wako ndani. Ujumbe uliokwenda ukawa huu, saa 4 asubuhi, siku ya tatu ya kazi tangu ule wa kwanza:

"Habari za asubuhi mama. Kuhusu rangi ya ofisi: tunaweza kupaka Jumamosi na Jumapili tu, vyumba viwili kila wikiendi, ili Jumatatu watu wakute pamekauka na meza ziko mahali pake. Nikuandalie mpangilio wa wikiendi hizo, au kazi imesogezwa mbele kwanza?"

Tazama ulivyokaa. Baada ya salamu, maneno ya kwanza kabisa ni "kuhusu rangi ya ofisi", kwa sababu juu ya skrini iliyofungwa huonekana mstari mmoja au miwili tu, na hapo ndipo atakapoamua kufungua au kuacha. Hakuna neno kuhusu ujumbe uliopita. Una kitu kipya, na si kitu cha kubuni ili mradi kuna cha kuandika: ni jibu la hofu aliyokuwa nayo kweli. Na swali ni moja, lina majibu mawili, yote anaweza kuyatoa yeye mwenyewe akiwa amesimama kwenye korido, bila kikao. Jibu la pili, kwamba kazi imesogezwa, limewekwa pale makusudi. Watu wengi hunyamaza kwa sababu wanaona aibu kusema hapana kwa mtu aliyetoka kwake akaja kupima. Ukimwandikia ile hapana kwa maneno mepesi, mdomo wake unafunguka. Na hapana iliyosemwa ina thamani: unapanga mafundi wako kwingine.

Muda nao una kanuni zake, ingawa si za kuandikwa kwenye jiwe. Kwa kazi iliyopimwa na kupewa bei, mimi huacha siku mbili au tatu za kazi zipite. Kesho yake ni mapema, labda kama kuna tarehe yeye mwenyewe aliyoitaja. Wiki mbili ni mbali, atakuwa ameshasahau sura yako. Jumatatu asubuhi kila mtu anazima moto wake, na Ijumaa alasiri hakuna anayeanzisha jambo. Na kama saa aliyousoma wa kwanza ilikuwa ya usiku, wa pili utume saa za kazi, akiwa karibu na watu anaotakiwa kuwauliza.

Jibu lilikuja mchana: "Wikiendi ni sawa. Ila bosi anaulizia harufu."

Kumbe harufu. Ile kotesheni ilikuwa na rangi ya maji kwenye kuta, ambayo harufu yake si ya kutisha na inaisha mapema, lakini kwenye milango na fremu tulikuwa tumeandika rangi ya mafuta kama ilivyo mazoea, na hiyo inanuka siku kadhaa ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa. Bosi wake inaonekana aliwahi kukaa ndani ya harufu hiyo na hakutaka tena. Punguzo la bei lisingemgusa. Tukabadilisha milango iwe ya rangi ya maji inayong'aa, tukamweleza tofauti zake, pamoja na hili kwamba inahitaji msasa wa uangalifu zaidi juu ya rangi ya mafuta ya zamani, la sivyo itabanduka.

Akasoma. Akanyamaza tena.

Hapa wengi hukata tamaa au hupandisha hasira, na ndipo inapobidi kukumbuka kwamba yule mama si mwamuzi. Yeye ni njia. Ujumbe wetu wa harufu ulikuwa wa kumwelewesha yeye, sasa yeye aende akamweleze bosi kwa maneno yake: msasa, maji, mafuta, wikiendi. Nani anataka mtihani huo? Kwa hiyo wiki moja baadaye ulikwenda ujumbe mfupi, "Habari za leo mama. Nimeuandika muhtasari ili iwe rahisi kumpelekea bosi, uko hapa chini," na chini yake ujumbe mwingine peke yake, usio na salamu wala jina la mtu:

"Kupaka rangi ofisi, vyumba 6 na korido. Kazi Jumamosi na Jumapili tu, wikiendi 4. Kuta na milango rangi ya maji, hakuna rangi ya mafuta. Samani tunazisogeza na kuzirudisha sisi. Bei ni ile ya kotesheni, chaguo la kati. Kinachohitajika: idhini ya kuanza na vyumba viwili vya kwanza."

Huo aliweza kuusukuma kwa bosi kwa kidole kimoja. Kwa nini ulitenganishwa na salamu? Kwa sababu ukimwandikia mtu "mama" na "ahsante kwa mapokezi" ndani ya maandishi anayotakiwa kuyapeleka juu, inabidi ayanakili, afute, apange upya. Hatafanya. Na angalia kinachoombwa mwishoni: vyumba viwili. Bosi anayesita kuidhinisha jengo zima anaweza kuidhinisha wikiendi moja. Waliidhinisha viwili hivyo.

Si kila mara mambo huisha hivyo, na ni vizuri kujua pa kuishia. Ukishatuma ujumbe wa pili wenye kitu kipya, na wa tatu uliorahisisha uamuzi, na vyote vimesomwa bila neno, uliobaki ni mmoja tu, wa kufunga. Mimi huutuma kama wiki mbili baada ya uliotangulia, na huwa mfupi kuliko yote:

"Habari mama. Nadhani kazi ya rangi haijafikia wakati wake, kwa hiyo siiweki kwenye ratiba ya mwezi ujao. Vipimo vya vyumba ninavyo, mkiwa tayari hakutakuwa na haja ya kupima upya. Nakutakia kazi njema."

Usome kwa sauti kabla hujautuma, usikilize kama kuna uchungu ndani yake. Neno kama "inaonekana hamko makini" au "nimejaribu mara kadhaa bila mafanikio" linageuza barua ya kuaga kuwa barua ya malalamiko. Na uliloliandika liwe kweli. Ukisema humweki kwenye ratiba, usimweke. Wale wanaoandika "ofa inaisha leo" halafu wiki ijayo ofa iko palepale wanajulikana, na wateja wao hukaa kimya wakingoja ofa ishuke. Kama bei yako kweli ina mwisho, kwa mfano muuzaji wa rangi amekutangazia kupanda kuanzia tarehe fulani, taja tarehe na sababu, na siku hiyo ikipita usiirudie bei ya zamani.

Ninaulizwa sana kuhusu kupiga simu. Kama mtu alikutafuta kwa simu tangu mwanzo, piga, wala hakuna ajabu. Kama yote yamekuwa kwa maandishi, simu ya ghafla kwa mtu anayekudai jibu, au tuseme unayemdai, inambana kona; atapokea na kutoa ahadi ya uongo ili akate. Afadhali kuandika "naweza kukupigia dakika mbili kesho mchana kuhusu milango?" na kumwachia nafasi ya kukataa. Ujumbe wa sauti kwa mteja ambaye hajakujibu mimi situmi. Hauwezi kuchunguliwa juu ya skrini, hauwezi kusikilizwa kikaoni, na bosi hatausikiliza.

Baada ya ujumbe wa kufunga, acha. Acha kweli, hata "heri ya mwaka mpya" ya kutumwa kwa wateja mia kwa mpigo usimpelekee. Mtu aliyechoka ana vitufe viwili karibu na kidole chake, cha kukuzuia na cha kuripoti, na namba inayoripotiwa na watu wengi inaweza kufungiwa. Kwa anayeishi kwa namba hiyo, hilo ni kama kufungiwa duka.

Baadhi yao hurudi. Miezi inapita, halafu mchana mmoja unaingia ujumbe: "Samahani sana kaka, nilibanwa na mambo mengi. Ile kazi ya rangi bado mnafanya?" Hapo jaribu kutosema "nilijua utarudi", wala "hamna shida, nilikutumia meseji tatu". Mwandikie: "Habari za siku mama, hakuna neno. Ndiyo, tunafanya. Vyumba bado ni vilevile sita?"